Rejesho linalofuata magunia

Kaunta buku ya wifi yangu ina jalada jekundu lililokunywa mafuta mpaka limekuwa laini kama ngozi. Ukiifungua mwezi wa saba, majina yamebanana juu hadi chini, mengine yameandikwa pembeni kwa kukosa nafasi: nani kaleta magunia mangapi, nani kachukua mafuta yake, nani bado. Ukifunua Februari unakuta ukurasa mmoja, na nusu yake mtoto amechora gari.

Anakamua alizeti Ikungi, mkoani Singida. Kwa misimu miwili alikuwa akikodi mashine ya mtu, na mwaka huu aliamua kununua ya kwake. Mashine, mota na chujio jumla vilifika Sh12 milioni. Yeye alikuwa na tatu. Tisa alizifuata kwenye taasisi moja ya mikopo, na baada ya wiki mbili akarudi na karatasi iliyochapwa vizuri. Miezi 24, riba asilimia 2 kwa mwezi, rejesho Sh475,840 kila tarehe 28.

“Wifi, hebu niangalizie,” alisema, akiiweka mezani pembeni ya sahani ya karanga. “Wanataka nisaini Ijumaa.”

Nilifanya kazi ya afisa mikopo kwa miaka tisa kabla ya kuhamia kwenye kuandika, na karatasi za namna ile nimezichapa mwenyewe kwa mamia. Hesabu yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba karatasi ile ingemfaa mwalimu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi, na aliyepewa ni mtu ambaye Februari nzima anaona magunia thelathini.

Nikamwambia afunge karatasi, afungue kaunta buku.

Tulichokifanya jioni ile kila afisa mikopo anakijua, ila wengi hawakifanyi kwa sababu kinachukua saa mbili. Tulihesabu magunia ya kila mwezi kwa misimu yote miwili, tukachukua wastani. Singida mvua ni ya msimu mmoja. Alizeti hupandwa Desemba na Januari, huanza kuvunwa Mei, na mashine hunguruma mpaka mkulima amalize alichokiweka ndani. Kwa wifi yangu ilikuwa hivi: Mei magunia 120, Juni 360, Julai na Agosti 480 kila mmoja, Septemba 360, Oktoba 220, Novemba 120. Halafu inakatika. Desemba 60, Januari 40, Februari na Machi thelathini thelathini, Aprili 40. Kwa mwaka magunia 2,340, na zaidi ya theluthi mbili yake yako ndani ya miezi minne.

Mteja wake huondoka na mafuta, mashudu yanabaki kwake kama ujira, naye huyauza kwa wafugaji. Akishatoa umeme, vibarua na vitambaa vya chujio, gunia moja linamwachia kama Sh6,000. Kodi ya banda, mlinzi na matumizi ya nyumbani vinakula Sh500,000 kila mwezi, mashine iwe inazunguka au imefunikwa turubai. Nasisitiza hayo ya nyumbani kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa sana katika fomu za mikopo. Watu huandika biashara inapata kiasi gani, kisha wanajifanya kwamba ada ya shule italipwa na malaika.

Sasa toa moja kwa nyingine. Julai anabakiwa na Sh2,380,000. Novemba Sh220,000. Februari hana kitu, ana upungufu wa Sh320,000. Kuanzia Desemba hadi Aprili upungufu wote unafika Sh1,300,000, na huo lazima uzibwe na pesa iliyopatikana mwezi wa saba na wa nane. Kwa mwaka mzima anabakiwa na Sh8,040,000. Vyuma vya kukamulia ndani ya mashine huisha kwa msuguano. Dalili yake ni mashudu yanayotoka mazito, ukiyaminya kiganjani yanaacha mng'ao wa mafuta ambayo yalipaswa kuwa kwenye dumu la mteja. Vyuma hivyo hubadilishwa kabla ya msimu, yaani Aprili, mwezi ambao mfuko ni mtupu. Tukavitengea Sh500,000. Imebaki Sh7,540,000.

Marejesho ya karatasi ile kwa mwaka ni Sh5,710,080.

Hapo wifi akanitazama kama mtu aliyepotezewa jioni yake. “Si inatosha? Tena inabaki.”

Inatosha, na ningekuwa mwongo nikimwambia vinginevyo. Mpango wa msimu hauongezi hata shilingi moja kwenye biashara. Mtu mwenye nidhamu ya chuma angeweza kulipa lile rejesho la kila mwezi, mradi ifikapo mwisho wa Novemba awe amefungia mahali karibu Sh3.7 milioni za kulipia miezi mitano ya ukame: marejesho matano na ule upungufu wa nyumbani na banda. Lakini hebu mfikirie mkamuaji wa alizeti mwezi wa tisa, pesa mkononi, mkulima amesimama mlangoni na magunia ishirini anayotaka kuyauza leo kwa bei ya shida. Atanunua. Mimi pia ningenunua. Pesa ya rejesho la Februari inageuka kuwa mbegu stoo, na Februari ikifika mbegu haziwezi kulipa tarehe 28.

Hilo ni la kwanza. La pili ni zito zaidi, nalo ni mwaka mbaya.

Tulirudia hesabu yote tukipunguza magunia kwa asilimia 20. Si adhabu kubwa. Mvua ikikatika mapema tu, unafika hapo. Wala haihitaji mvua. Mwaka 2023 wakulima wengi wa Singida na Dodoma walilalamika kwamba bei ya alizeti imeanguka, na mafuta ya kutoka nje yakatajwa kuwa chanzo. Mkulima aliyeumizwa na bei hupunguza ekari msimu unaofuata, na mwenye mashine hulipia hasara ambayo hakuwepo ilipoanza. Magunia yakipungua kwa kiasi hicho, wifi yangu anabakiwa na Sh4,732,000 kwa mwaka baada ya vyuma. Marejesho ya Sh5.7 milioni hayaingii humo. Anapungukiwa karibu milioni moja, na hakuna mpangilio wa tarehe unaoweza kuziba pengo la namna hiyo.

Kwa hiyo kabla hata ya kupanga rejesho la mwezi gani liwe kubwa, lilikuja swali la misimu mingapi. Miezi 24 kwa mkamuaji ni misimu miwili, na misimu miwili haikutosha kuubeba mkopo huu mwaka wa kwanza ukiwa mbaya. Mitatu inatosha. Nikichukua deni la alizeti, la korosho, la samaki wa msimu, la sare za shule, kitu cha kwanza ninachouliza ni misimu, kwa sababu mwezi usiokuwa na mauzo hauna mchango wowote zaidi ya kukuongezea riba.

Tukagawa Sh9 milioni kwa tatu. Kila msimu ulipe deni lenyewe Sh3 milioni, na katika miezi ya ukame ilipwe riba peke yake.

Kuzipanga zile milioni tatu ndani ya msimu kulitaka kujua biashara, si kikokotoo. Ukifuata magunia tu, Juni na Septemba zinalingana, magunia 360 kila mmoja, na ungezipa rejesho sawa. Lakini Juni mashudu yamejaa bandani yakisubiri lori, na mnunuzi hulipa akishapakia. Magunia ya Juni yanakuwa pesa Julai. Septemba, kinyume chake, ni mwezi wa kuvuna yote: malisho yamekauka, wafugaji wanatafuta mashudu wenyewe. Kwa hiyo Juni tukaipa Sh400,000, Julai na Agosti Sh800,000 kila mmoja, Septemba Sh600,000 na Oktoba Sh400,000. Novemba tuliiacha. Magunia 120 ya Novemba ni ya kuingilia kiangazi cha mfuko.

Juu ya kila kiasi unaongeza riba ya mwezi huo, asilimia 2 ya salio lililopo. Akichukua mkopo mwisho wa Aprili, Mei analipa riba tu, Sh180,000, na Mei anabakiwa na Sh220,000, kwa hiyo inapita kwa kujibana. Juni analipa 580,000. Julai 972,000, rejesho kubwa kuliko yote katika mkopo mzima, linaloangukia mwezi anaobakiwa na zaidi ya mara mbili yake. Agosti 956,000, Septemba 740,000, Oktoba 528,000. Hapo deni limeshuka hadi Sh6 milioni, na kuanzia Novemba hadi Mei analipa Sh120,000 kila mwezi. Msimu wa pili unalishusha hadi milioni tatu, riba ya ukame inakuwa Sh60,000. Oktoba ya msimu wa tatu analipa Sh408,000 na hadaiwi.

Jumla ya riba ni Sh2,868,000. Ile karatasi ya miezi 24 ilikuwa na riba ya takriban Sh2,420,000. Tofauti ni kama Sh448,000, na nilimwandikia namba hiyo kubwa juu ya ukurasa ili asije akasema sikumwambia. Ndiyo bei ya kulipa kwa kufuata magunia. Yeye aliigawa kichwani kwa miezi thelathini, akasema ni kama elfu kumi na tano kwa mwezi, pungufu ya kile anachompa mlinzi kwa wiki. Kila mtu ana kipimo chake.

Cha kushangaza, angechukua miezi hiyohiyo thelathini kwa rejesho sawa kila mwezi, riba ingefika zaidi kidogo ya Sh3 milioni. Mpango wa msimu unatoka nafuu kwa sababu deni linapigwa mapema, ndani ya miezi sita ya kwanza, na riba inafuata salio. Lakini hilo ni kweli kwa sababu moja tu, kwamba mkopo unaanza Aprili. Ungetoka mwisho wa Oktoba, ambapo wakopeshaji wengi wana fedha na wanahangaika kufikia malengo ya mwaka, angelipa riba ya Sh180,000 mara saba kabla mashine haijaona gunia la maana. Hiyo ni Sh1,260,000. Mashine imefunikwa, panya wanatafuta kamba za magunia, na riba inatembea. Nimeona watu wakiambiwa “chukua sasa hivi, fedha zikiisha utasubiri mwaka kesho,” wakachukua, na Juni wakaanza msimu wakiwa wamechoka tayari.

Kulikuwa na swali moja ambalo karatasi ile haikulijibu kwa maneno, ikabidi nilitafute ndani ya namba: hiyo asilimia 2 ni ya nini? Kama ni ya salio linalopungua, rejesho la kila mwezi kwa miezi 24 ni Sh475,840, kama lilivyoandikwa. Kama ni riba bapa, ile inayokokotolewa kwenye Sh9 milioni zote mpaka siku ya mwisho hata ukibakiza laki moja, rejesho lingekuwa Sh555,000. Kwa hiyo yake ilikuwa ya salio, nikashusha pumzi. Ingekuwa bapa ningemwambia tuache kupoteza karatasi. Katika riba bapa, miezi thelathini ingegharimu riba ya Sh5.4 milioni, na kulipa laki nane mwezi wa saba kusingempunguzia hata senti, kwa kuwa riba imeshafungwa tangu siku ya kwanza. Ukiuliza ukajibiwa kwa mkato, chukua riba ya rejesho la kwanza na ya rejesho la kumi kwenye jedwali. Zikiwa sawa na kila mwezi unapunguza deni, ni bapa.

Jumatatu tulikwenda ofisini. Afisa alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alitusikiliza, akasema kwa heshima, “Mama, mfumo wetu unatoa marejesho sawa. Lakini msiwe na wasiwasi, tutaelewana. Msimu ukiwa mzuri utalipa zaidi, ukiwa mbaya utakuja tuongee.”

Maneno hayo nimewahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa nia njema kabisa, na ninajua yanavyoishia. Miaka ya nyuma ndugu yangu mwingine alikubaliana hivyo kwa mdomo na mkopeshaji mmoja kuhusu mashine ya kukoboa mpunga. Wakati wa mavuno alilipa mara mbili ya rejesho, akijua amejiwekea akiba ya miezi mibaya. Mfumo wa kompyuta haukuwa na habari. Ulichukua ile ziada ukaitoa mwishoni mwa deni, na mwezi uliofuata ukamdai rejesho zima kama kawaida. Alipokosa, akaandikwa amechelewa, faini ikaanza, na afisa aliyemwahidi alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Aliandikiwa jedwali moja na akaishi kwa jingine, na mahali pa kulipia panajua lile lililoandikwa. Wale wa kausha damu mitaani angalau hawajifichi. Hapa unaumizwa na kitu kilichoonekana kama wema.

Nikamwuliza kijana kama mfumo unakubali kuingiza rejesho la kila mwezi kwa mkono. Alinyamaza, akamwita mkuu wake. Mkuu akaja, mama wa makamo, akasema inawezekana ila kamati ya mikopo inataka uthibitisho wa msimu. Kaunta buku haikumtosha, na sikumlaumu. Kaunta buku mtu anaweza kuijaza usiku mmoja kwa kalamu tatu tofauti.

Kilichotuokoa ni LUKU. Wifi hununua umeme wa mashine kwa simu, na ujumbe wote ulikuwapo. Mashine ya kukamua hailii bila umeme, na unit huongezeka kadiri magunia yanavyoongezeka. Tukakaa pale benchi tukiorodhesha manunuzi ya umeme mwezi kwa mwezi, tukayaweka pembeni ya magunia ya kaunta buku. Mistari miwili ikapanda pamoja Juni, ikashuka pamoja Novemba. Kulikuwa na mwezi mmoja tu ambao umeme ulikuwa mwingi kuliko magunia, wifi akaeleza kwamba fundi alikuwa akichomelea geti la jirani. Mkuu akacheka, akaichukua orodha.

Lililobaki lilikuwa mwaka mbaya kuliko ule tulioupima. Magunia yakipungua kwa asilimia 20, mpango wetu wa mwaka wa kwanza unataka Sh4,676,000 na biashara inatoa Sh4,732,000. Unapita kwa Sh56,000, yaani unapita kama mtu anayepita kwenye mlango wa basi lililojaa. Yakipungua kwa asilimia 30, pengo ni zaidi ya Sh1.3 milioni. Hapo mtu anahitaji kifungu, na kifungu kizuri kina vitu vitatu: kipimo kisichobishaniwa, tarehe, na kiasi kinachosogezwa.

Kipimo tukachukua magunia ya kuanzia Mei hadi tarehe 31 Julai. Katika mwaka wa kawaida yanakuwa 960. Yakiwa pungufu ya 750, msimu umeanguka zaidi ya asilimia 20 tuliyoihimili, na kilichobaki cha msimu hakitauokoa. Tarehe ikawa 15 Agosti; kabla ya hapo apeleke barua, kaunta buku na orodha ya LUKU. Nilishikilia tarehe hiyo kwa sababu ninajua jinsi barua hizi zinavyosomwa. Anayekuja kabla ya kukosa rejesho anaomba kubadilisha jedwali. Anayekuja baada ya kukosa ana malimbikizo, na kamati huanza kuzungumzia dhamana. Kiasi kikawa hadi Sh1,500,000 za deni lenyewe: kutoka Agosti laki tano, na za Septemba na Oktoba zote, zihamie msimu unaofuata, riba ikiendelea kulipwa kila mwezi. Kila milioni inayosogezwa kwa mwaka mzima inaongeza riba ya Sh240,000, hivyo si zawadi. Lakini lile pengo la milioni moja na laki tatu na ushee linashuka hadi kama elfu sitini, na elfu sitini mtu anaipata kwa kuuza mbuzi.

Mkuu alitaka laki tano tu zisogezwe. Tukakutana kwenye milioni moja na laki mbili. Sikufurahi, ila ningekuwa upande wake wa meza pengine ningetaka hivyohivyo. Yeye pia ana watu anaowadai na watu wanaomdai.

Kama wangekataa kabisa, ningempeleka kwenye karadha, ambako kampuni hununua mashine ikabaki mali yake mpaka umalize kulipa, na mashine yenyewe ikawa dhamana. EFTA na PASS Leasing hufanya kazi ya namna hiyo hapa nchini. Ila maswali yangekuwa yaleyale: misimu mingapi, riba ya salio au bapa, mwezi gani inaanza, na nini kimeandikwa kuhusu mwaka mbaya.

Jedwali jipya lilichapwa Alhamisi. Nilimwomba wifi alisome mwenyewe kwa sauti, mstari kwa mstari, huku mimi nikifuata kwa kidole kwenye karatasi yetu ya nyumbani. Kwenye Novemba ya mwaka wa kwanza akasoma 128,000 badala ya 120,000. Kijana akaangalia, akagundua kwamba mfumo umehesabu riba ya Novemba kwa salio la kabla ya rejesho la Oktoba. Elfu nane. Akarekebisha, akachapa tena, tukasoma tena kutoka juu.

Njiani kurudi alikuwa kimya mpaka Puma. Halafu akasema, “Wifi, hizi za Desemba mpaka Aprili nitaziweka wapi? Maana zikikaa kwenye simu, nitazinunulia alizeti.”

Tulikuwa tumeshazihesabu: Sh1.3 milioni za upungufu wa banda na nyumbani, Sh600,000 za riba ya Desemba hadi Aprili, Sh500,000 za vyuma. Milioni mbili na laki nne, ziwe pembeni kabla Novemba haijaisha. Tukakubaliana afungue akaunti ya muda maalumu mwezi wa tisa, pesa ikiwa bado nyingi mkononi, na nusu iive Desemba, nusu Machi. Nikamwambia pia anipe namba yake ya siri. Akanitazama, akacheka, akasema hilo hapana.

Mashine ilifika tarehe 29 Aprili juu ya canter, imefungwa kamba na magunia matupu ili rangi isichubuke. Mei aliniandikia ujumbe mfupi: magunia 131, riba 180,000 imelipwa, fundi anadai mkanda wa mota umelegea. Chini yake akaweka picha ya kaunta buku mpya, jalada la bluu, ukurasa wa kwanza. Upande wa kushoto magunia, upande wa kulia unit za LUKU.